Andalio langu lilikuwa na mstari mmoja wa usalama

Ilikuwa dakika ya 11 ya kipindi cha michezo. Naikumbuka kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimetazama saa, nikajisemea moyoni kwamba mambo yanakwenda. Nilipoinua kichwa, msichana mmoja alikuwa amechuchumaa katikati ya uwanja, viganja vyote viwili usoni, damu inachuruzika katikati ya vidole. Mpira uliompiga ulikuwa bado unadundadunda kuelekea ukutani. Wenzake upande wa pili waliendelea kurushiana kana kwamba hakuna lililotokea, na siwezi kuwalaumu. Sikuwahi kuwaambia wakiona au wakisikia nini wasimame.

Nikakimbia, nikamkalisha, nikamlaza kichwa nyuma. Hilo nalo lilikuwa kosa. Damu ya pua ukiielekeza nyuma inashuka kooni, mtoto anaimeza au inampalia, na wengi hutapika. Anatakiwa aketi, ainame mbele kidogo, abanwe ile sehemu laini ya pua chini ya mfupa kwa dakika 10 mfululizo, bila kuachia kila mara kuchungulia kama imekoma, huku akipumulia mdomo. Mwalimu wa zamu ndiye aliyekuja kunisahihisha, mbele ya darasa zima, na mimi nikiwa na filimbi shingoni kama pambo.

Mchana mwalimu mkuu aliniita na kuomba andalio la somo. Akalisoma kimya mpaka akafika kwenye kipengele cha usalama. Nilikuwa nimeandika hivi: "Mwalimu atahakikisha usalama wa wanafunzi wote." Akaniangalia juu ya miwani.

"Utahakikishaje, mwalimu?"

Sikuwa na jibu. Chini ya mstari huo kulikuwa na mwingine: "Wanafunzi wenye mahitaji maalumu watapewa majukumu mbadala." Huo hakuuliza, lakini alishaweka kidole juu yake, na kidole kile kilinisumbua kuliko swali. Kesho yake mzazi wa msichana alikuja, akanisikiliza kwa utulivu ambao ungekuwa afadhali angenigombeza. Mipira ilifungiwa stoo wiki mbili.

Naandika haya kwa sababu wiki hizo mbili nilizitumia kulivunja lile andalio na kulijenga upya, na nikakosea tena mara moja kabla ya kupata. Mwenye darasa kubwa na mipira ya kuhesabu huenda akaokoa kitu.

Kwanza nieleze kilichotokea hasa. Darasa lilikuwa na wanafunzi 48 na mipira 6. Somo lilikuwa kurusha na kudaka. Nilikuwa nimewagawa makundi 6 ya watu 8, kila kundi duara lake, wanarushiana. Duara linapendeza machoni, lakini lina shida moja kubwa: katika duara mipira huruka pande zote. Mpira uliomponyoka mtoto wa duara hili unatoka kwa mgongo wake na kuingia duara la jirani, ambako wote wanatazama katikati yao. Maduara 6 yaliyokaribiana ni sawa na njia panda 6 zisizo na alama.

Yule msichana hakupigwa akiwa anadaka. Alipigwa akiwa ameinama kuokota. Nilipomuuliza baadaye, taratibu, aliniambia alikuwa ameshauokota mpira mara nne kabla ya hapo. Alikuwa anauogopa. Mpira ukija, anageuza uso pembeni na kunyoosha mikono kama mtu anayesukuma mlango, basi mpira unamgonga kwenye viganja na kuruka. Kila ukiruka, yeye ndiye anayeufuata, mgongo wazi, katikati ya mipira ya wengine.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kozi nzima ya ualimu haikuwa imeniingizia kichwani. Mwanafunzi dhaifu wa kudaka ndiye anayekaa muda mrefu zaidi mahali pa hatari. Hodari anasimama kwenye nafasi yake, mpira unamfuata. Dhaifu anakimbia huku na huku kwenye njia za mipira ya watu, na kila anapoinama hamuoni anayerusha. Kwa hiyo usalama, matumizi ya nafasi na ujumuishi, vitu nilivyokuwa nimevipa safu tatu tofauti kwenye jedwali, kwa mtoto yule vilikuwa kitu kimoja.

Mipira ilipotoka stoo, nilifanya alichofanya kila mwalimu aliyewahi kuogopa: nilibana. Nikapanga mistari 6 ya watu 8, wote wanarusha upande mmoja kwa mtu wa mbele, anayemaliza anarudi nyuma ya mstari. Hakuna aliyeumia. Nilimwomba mwalimu mwenzangu akae pembeni na karatasi, achague mtoto mmoja wa kawaida, na apige alama kila mtoto huyo anapogusa mpira. Alipoleta karatasi kulikuwa na alama 5. Mtoto alikuwa uwanjani dakika 40 na kugusa mpira mara 5. Muda uliobaki, mwenzangu alinieleza, alikuwa akivutana shati na wa nyuma yake. Walio nyuma ya mstari mrefu hawakai bure, wanatafuta kazi, na kazi wanayoipata ni kusukumana. Kumbe mstari nao ni hatari, ila hatari yake haitoki puani.

Karatasi hiyo ya alama ndiyo ninayoipendekeza kuliko kitu kingine chochote hapa. Haihitaji utaalamu. Mtu mmoja, mtoto mmoja, kalamu. Ukifanya peke yako, mpe kazi hiyo mwanafunzi ambaye siku hiyo ana homa au ameumia na hachezi kweli.

Nimesema "hachezi kweli" kwa makusudi. Nilikuwa na kijana mmoja ambaye mkono na mguu wake wa kulia havina nguvu. Anatembea, anakimbia kwa kuchechemea, lakini vidole vya mkono ule havifunguki vizuri. Tangu mwaka uanze, "jukumu mbadala" lake lilikuwa kuhesabu pointi. Nilijiona mwema kwa hilo. Siku ile ya mistari, wakati tunatoka, alinifuata akauliza, "Mwalimu, leo tena nahesabu?" Alikuwa na kijiti mkononi tayari kwa kuchora alama chini. Nikamjibu ndiyo, kwa sababu sikuwa na jibu lingine kwenye andalio. Nadhani nilimuona akikaza kijiti kile, au labda dhamiri yangu ndiyo iliyoona.

Jioni hiyo sikuandika kwanza, nilichora. Hili ndilo lililobadilisha kila kitu: kuchora uwanja kabla ya kujaza jedwali.

Eneo letu la wazi, baada ya kutoa sehemu yenye mizizi na ile iliyo karibu na madirisha, lilibaki karibu mita 35 kwa 35. Makundi ya watu 8 niliyafuta. Nilitaka watu wanne kwa mpira mmoja, yaani makundi 12, na mimi nina mipira 6. Basi sita nyingine tulizitengeneza kwa matambara yaliyofungwa kamba, zikaviringishwa vizuri. Mipira hii haidundi, na nitarudi kwenye hilo, lakini ina sifa moja: haimtishi mtu.

Kila kundi nililipa mraba wa mita 6 kwa 6. Nikaipanga miraba 4 kwa upana na 3 kwa urefu, na mirusho yote nikaielekeza kwenye urefu, sambamba na ukuta wa madirisha. Sasa angalia mapengo. Kati ya mraba na mraba kwa upana niliacha mita 2, maana huko mipira haielekei. Kwenye mwelekeo wa mirusho niliacha mita 4, kwa sababu mpira unaompita mdakaji unaendelea mbele, na nilitaka uishiwe nguvu kabla ya kufika kwa jirani. Ukijumlisha, upana ni miraba 4 ya mita 6 na mapengo 3 ya mita 2, jumla mita 30. Urefu ni miraba 3 ya mita 6 na mapengo 2 ya mita 4, jumla mita 26. Iliyobaki ikawa pembezoni, na pembezoni si mapambo. Mtoto anayekimbilia mpira hasimami kwenye mstari, anasimama mita mbili tatu baada yake. Ukuta ukiwa kwenye mstari, atasimamishwa na ukuta.

Jua nalo lina sauti katika hili. Kama mirusho inaelekea mashariki na magharibi, asubuhi au alasiri nusu ya watoto wanadaka wakiwa wametazama jua. Kaskazini na kusini ndiyo nafuu. Kwangu ukuta ulikuwa umekaa vizuri. Kwako usipokaa vizuri, bora mirusho ibaki sambamba na madirisha kwa usalama, na ubadilishe saa ya kipindi.

Kupima si kazi. Nilichukua kamba, nikaifunga mafundo kwa umbali wa mita 2, na wanafunzi wanne wakanisaidia kuweka alama dakika 20 kabla. Alama zenyewe mwanzo nilitaka mawe, kwa sababu yapo. Usifanye hivyo. Mtoto anarudi nyuma akitazama mpira hewani, kisigino kinapanda jiwe, kifundo kinapinda. Tulitumia vipande bapa vya mpira wa tairi la ndani, ukivikanyaga huvisikii. Chaki au jivu navyo vinafaa ardhi ikiwa kavu. Na wakati tunaweka alama tulitembea eneo lote bega kwa bega tukiangalia chini: tukatoa vipande viwili vya chupa, kigingi kimoja, na shimo moja tukalifukia. Shimo hilo nililipita kila siku tangu nilipohamia shule ile.

Kisha nikaandika kanuni, na nilijilazimisha zisizidi tatu, maana kanuni kumi ni sawa na kutokuwa nayo.

Ya kwanza: filimbi moja na mkono wangu juu, mpira unakwenda tumboni. Sikusema "simama", kwa sababu mtoto husimama na bado anarusha. Nilisema mpira tumboni, mikono miwili juu yake. Mkono wangu juu ni kwa ajili ya wasiosikia vizuri na kwa siku za upepo. Kanuni hii tuliifanyia mazoezi kabla mpira wowote haujatoka, kila mtu ameshika mpira wa kuwaziwa. Walicheka sana, lakini waliijua.

Ya pili: mpira uliotoka nje ya mraba haukimbiliwi. Unainua mkono, unatembea kwenye vichochoro vya mapengo, unarudi nao mkononi au unaubingirisha chini. Kuurusha kutoka nje ni marufuku. Jirani ambaye mpira umemwingilia anashikilia wake mpaka mgeni atoke.

Ya tatu: hurushi mpaka umeita jina na macho yamekutana. Kanuni hii niliiweka kwa ajili ya mwanafunzi mmoja mwenye uoni hafifu, ambaye mpira wa kundi lake tuliufunika mfuko wa plastiki unaochakarisha, ili ausikie ukija. Nikaona ni upuuzi kumfanya yeye peke yake aitwe jina, basi darasa zima likawa linaita. Matokeo yake ni kwamba wale waliokuwa wanapigwa usoni kwa kutojua mpira wao unakuja wakaacha kupigwa. Kanuni niliyoiandika kwa mtoto mmoja ndiyo iliyolinda pua nyingi zaidi.

Lengo la somo pia lilibadilika. La zamani lilisema mwanafunzi "aweze kudaka mpira vizuri". Vizuri ni nini? Niliandika upya: "Kufikia mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kudaka mirusho 5 mfululizo kutoka umbali na kwa mpira aliouchagua, akiwa ametazama mpira mpaka unafika mkononi." Maneno "aliouchagua" yalinigharimu nusu saa ya kufikiri, na ndiyo yaliyofanya lengo hilo liwafae wote 48.

Siku yenyewe ikafika. Dakika 3 za mwanzo zilikuwa za ukaguzi: hereni, bangili, kucha ndefu, viatu vilivyofunguka, na mazoezi ya filimbi. Kupasha mwili kulichukua dakika 6, na sikuwazungusha uwanja. Waliingia wote kwenye eneo la miraba minne, wakatembea haraka bila kugusana, wakitafuta pengo. Filimbi ikilia wanaganda na kunyoosha mikono pembeni. Ukigusa mtu, ujue ulikuwa umejibana. Mara ya kwanza karibu wote waligusana, wamerundikana katikati kama siafu. Mara ya nne walikuwa wametawanyika mpaka pembeni. Hapo somo la nafasi lilikuwa limeshafundishwa bila mimi kutamka neno "nafasi". Mwenye kutembea polepole hapati taabu katika mchezo huu, kwa sababu ushindi ni kuona pengo, si kuliwahi.

Makundi niliyagawa kwa kuhesabu kimyakimya kwenye daftari usiku uliotangulia. Siachi tena manahodha wachague. Mtoto anayebaki wa mwisho kuchaguliwa anakuwa ameshafundishwa somo lake kabla kipindi hakijaanza.

Mazoezi yalikuwa dakika 12. Wawili wanatazamana na wawili ndani ya mraba, mpira unakwenda kwa mshazari: wa kwanza kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, hivyo hivyo. Ndani ya mraba kulikuwa na alama za umbali wa mita 2, 3 na 4. Wanaanza mita 2. Wakidaka 5 mfululizo wanarudi nyuma alama moja, wakiangusha 2 wanasogea mbele. Hakuna anayeambiwa na mwalimu kwamba yeye ni wa mita 2. Mpira ndio unaowaambia, na wanasikia bila kununa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa yule msichana. Alikuwa na mpira wa matambara kama nilivyopanga. Nilimwambia aache kwanza kudaka. Mwenzake aubingirishe chini, yeye aupokee kwa mikono miwili. Mara tano. Kisha aurushe kwa mkono wa chini, polepole, uje kifuani. Alianza tena kugeuza uso. Kumwambia mtoto mwenye hofu "tazama mpira" hakusaidii, maana anaamini anautazama. Mpira ule ulikuwa na kiraka chekundu upande mmoja na cha bluu upande wa pili. Nikamwambia ataje rangi aliyoiona kabla haujafika. Mrusho wa kwanza akasema nyekundu ukiwa umeshaanguka. Wa tatu akasema bluu akiwa ameudaka, na yeye mwenyewe akautazama mikononi kwa mshangao, kama mtu aliyepokea kifurushi cha jirani.

Mikono nayo niliirekebisha kidogo tu. Mpira ukija juu ya kiuno vidole vinatazama juu na dole gumba zinakaribiana. Ukija chini ya kiuno vidole vinatazama chini na vidole vya mwisho ndivyo vinavyokaribiana. Kisha mikono inarudi nyuma pamoja na mpira hadi kifuani. Asiyerudisha mikono ndiye mpira unamruka. Mengine yote ya ufundi niliyaacha kwa kipindi kingine, na nilijizuia kwa shida, kwa sababu mwalimu akishapata sikio la mtoto hupenda kulijaza.

Yule kijana wangu wa kuhesabu nilikuwa nimepanga kumpa mraba wa pekee na msaidizi. Mwenzangu ndiye aliyenizuia: "Ukimweka peke yake na mtu wa kumhudumia, utakuwa umemrudishia kijiti kwa jina jingine." Kwa hiyo aliingia kundi kama wengine, na nilichobadilisha ni tafsiri ya kudaka kwa darasa zima: kudaka ni mpira usiguse chini, namna yoyote. Yeye alikuwa anaukumbatia kifuani kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ukiuzuia kwa chini. Waliokuwa hodari niliwapa kazi ya kudaka kwa mkono mmoja, ule wasiouzoea. Hapo uwanja ulisawazishwa kidogo, maana mabingwa wawili waliangusha mipira mingi kuliko yeye.

Kurusha ndiko kulikomshinda mwanzo, na hapo ndipo ile kasoro ya mipira ya matambara ilipojitokeza. Kwa mkono mmoja, pasi nyepesi kuliko zote ni ya kudunda: unaulenga chini, kiasi cha theluthi mbili ya njia kuelekea kwa mwenzako, unadunda na kumfikia kiunoni ukiwa umepungua kasi. Mpira wa matambara ukiulenga chini unabaki hapo hapo kama mfuko wa unga. Sikuwa nimelifikiria. Dakika ya 6 ya mazoezi nilipiga filimbi, miraba jirani ikabadilishana mipira, na ndipo akapata mpira unaodunda. Sasa hivi kwenye andalio langu kuna mstari unaosema nani anaanza na mpira gani na wanabadilishana dakika ipi.

Kisha mchezo, dakika 12: watatu dhidi ya mmoja ndani ya mraba ule ule, pasi 5 bila kunyang'anywa ni pointi, kisha anayezuia anabadilishwa. Anayezuia anakaa umbali wa mkono mmoja, haruhusiwi kupokonya mkononi, anaweza tu kukatiza mpira hewani. Mwenye mpira hatembei nao, na ana hesabu ya sekunde 3.

Hapa nilitia kanuni moja niliyoisikia kwa walimu wengi na ambayo naamini inafanya madhara: pointi haihesabiki mpaka wote watatu wameugusa. Inasikika kama haki. Ndani ya dakika mbili, aliyekuwa anazuia alikuwa ameelewa kwamba hahitaji kuufuata mpira, anasimama tu kando ya yule kijana na kungoja. Na wenzake wawili wakaanza: "Toa haraka! Umetuharibia!" Nilikuwa nimemwingiza mchezoni na papo hapo nikamfanya kuwa sababu ya kushindwa. Afadhali kijiti.

Nikasimamisha mraba ule peke yake, nikaifuta kanuni. Badala yake niliweka kwenye kila mraba pembe huru, kona ya mita 2 kwa 2, ambayo yeyote anaweza kuingia na kupokea mpira bila kuzuiwa, ila asikae zaidi ya hesabu ya 5. Muhimu ni lile neno yeyote. Hodari ndio walioanza kuitumia, wakikimbilia kona wakibanwa, na hivyo haikuonekana kuwa kona ya dhaifu. Mwanzo kijana yule aliganda humo, hesabu ikimtoa anarudi mara moja. Baadaye akawa anaingia wakati mpira uko mbali na kutoka mpira unapokuja, akipokea njiani huku aliyezuia amekwishatazama kona. Hilo sikumfundisha mimi.

Sitaki kudanganya kwamba yote yalikwenda. Mraba mmoja wa pembeni uligombana kuhusu sekunde 3 mpaka mwisho. Maelezo yangu ya mchezo yalikuwa marefu, na dakika 4 za kupooza mwili zikawa 2. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu alifurahia mazoezi, lakini mchezo ulimchanganya, kwa sababu majina yalikuwa yanaitwa kutoka miraba yote kwa wakati mmoja. Kipindi kilichofuata nilimpa kundi lake mraba wa pembe, mbali na kelele, na mpira ukawa ni kubingirisha na kudundisha tu, kwa wote wanne. Ilisaidia kiasi. Darasa la watu 48 lina kelele zake, na sijapata dawa.

Mwenzangu alikuwa amekaa pembeni na karatasi tena. Kabla hatujaanza aliniuliza amhesabu nani, nikamwonyesha kijana wa kijiti. Tulipomaliza, wanafunzi wengine wakikusanya vipande vya mpira, kijana yule alikwenda moja kwa moja kwa mwenzangu na kuomba kuona karatasi. Alama zilikuwa 43. Akazipitia kwa kidole, kundi baada ya kundi, midomo ikichezacheza, jasho likidondoka kwenye karatasi.

"Zimepungua mbili, mwalimu," akasema. "Kuna ile niliyoidaka nikaanguka, na ile ya kona."

Mwenzangu akampa kalamu, akaziongeza mwenyewe.